Gesi Inapobadili Halijoto na Ujazo kwa Pamoja: Hesabu ya Entropia kwa Hatua Mbili



Ndani ya silinda ya injini ya dizeli, pistoni inapopanda, hewa hubanwa mpaka ikabaki na sehemu ndogo tu ya nafasi iliyokuwa nayo. Kwa kubanwa huko hupata moto kiasi kwamba mafuta yakinyunyiziwa ndani yanawaka yenyewe, bila plagi. Hewa hiyo hupatwa na mambo mawili kwa mpigo mmoja: ujazo wake unapungua na halijoto yake inapanda. Nataka leo tuulize swali moja juu yake. Je, mwisho wa mbano huo, kabla mafuta hayajaingia, entropia ya hewa imeongezeka, imepungua, au imebaki ilivyokuwa? Kubanwa peke yake huipunguza entropia, na kupashwa moto peke yake huiongeza. Lakini pistoni haifanyi kimoja kisha kingine. Inafanya vyote kwa pamoja, kwa kasi, huku kuta zikinyonya joto kwa kiwango kinachobadilika kila nukta ya safari. Hoja yangu ni kwamba hatulazimiki kuifuata safari hiyo hata kidogo. Tunayo haki ya kuiweka kando, tukaunganisha mwanzo na mwisho kwa hatua mbili nyepesi tulizozichagua wenyewe. Tena jawabu tunalolipata kwa njia hiyo ndilo linalotuwezesha kuihukumu safari halisi.

Tuanze na kipimo chenyewe. Rudolf Clausius, mwanafizikia Mjerumani aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865, aliifafanua kwa hesabu fupi: chukua kiasi kidogo cha joto kinachoingia kwenye kitu, ukigawe kwa halijoto ambayo joto hilo limeingilia, na jumla ya vipande hivyo vyote ndiyo badiliko la entropia. Joto likitoka, kipande ni hasi. Liko sharti moja ambalo wengi hulisahau: mchakato uwe ni ule unaorejesheka, yaani uende polepole na kwa usawa kiasi kwamba badiliko dogo kabisa la msukumo au la halijoto lingetosha kuugeuza urudi ulikotoka. Mbano wa injini hauko hivyo. Una msuguano, una mikondo ya hewa, una kuta zenye ubaridi kuliko hewa iliyo katikati. Kwa hiyo mtu akichukua joto halisi lililopita kwenye kuta na kuligawa kwa halijoto, hajapata badiliko la entropia ya hewa.

Mlango unafunguliwa na jambo ambalo Clausius alilithibitisha mapema zaidi, mwaka 1854. Ukikipeleka kitu katika mzunguko unaorejesheka mpaka kikarudi katika hali ileile kilichoanzia, jumla ya vipande vya joto lililogawanywa kwa halijoto ni sifuri, kwa mzunguko wowote ule. Maana yake ni kwamba njia mbili zinazorejesheka kati ya hali moja na nyingine hutoa jumla ileile. Zingetofautiana, ungeenda kwa moja na kurudi kwa nyingine ukabaki na ziada, na mzunguko usingefungika kwenye sifuri. Basi entropia ni sifa ya hali, kama ulivyo ujazo au halijoto. Haikumbuki hewa ilipitia wapi. Mwanzo ukijulikana na mwisho ukijulikana, badiliko lake limekwisha kupangwa, na sisi tuko huru kulitafuta kwa njia iliyo rahisi kuliko zote.

Tuweke tarakimu ili tuone. Silinda ina moli 1 ya hewa. Mwanzo, hewa iko kwenye kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi, na ujazo wake ni lita 24. Mwisho wa mbano, ujazo ni lita 1.5, yaani sehemu 1 ya 16, na tuseme halijoto ni kelvini 850. Kwa sasa tunaichukulia hewa kuwa gesi kamilifu, yaani gesi inayofuata kanuni PV = nRT, ambamo R ni jouli 8.314 kwa kila moli na kila kelvini. Uwezo wake wa kubeba joto pasipo kubadili ujazo, unaoandikwa Cv, ni R mara mbili na nusu, yaani jouli 20.8 hivi kwa kila moli na kila kelvini. Swali la kuwa Cv ni hiyohiyo katika halijoto zote nitalirudia, maana lina matata yake.

Hatua ya kwanza: tunaishikilia halijoto kwenye kelvini 300 na kuibana hewa taratibu kutoka lita 24 hadi 1.5. Kwa gesi kamilifu, halijoto isipobadilika, nishati ya ndani haibadiliki. Kwa hiyo kazi yote tunayoifanya juu ya pistoni inatoka nje kama joto. Joto hilo ni RT mara logi asilia ya uwiano wa ujazo, nayo inafika jouli 6,915 hivi. Tukiligawa kwa 300 na kukumbuka kwamba linatoka, entropia imeshuka kwa jouli 23.05 kwa kelvini. Logi imeingia hapa kwa sababu kinachohesabika ni mara ngapi ujazo umepunguzwa nusu, wala si lita ngapi zimepungua. Kutoka lita 24 kwenda 12, kisha 6, kisha 3, kisha 1.5, ni nusu nne. Kila nusu hugharimu entropia ileile ya R ln 2, yaani jouli 5.76 kwa kelvini, ingawa nusu ya kwanza iliondoa lita 12 na ya mwisho lita moja na nusu tu. Nne zikijumlishwa zinatoa ile 23.05. Angalieni pia kwamba T iliyomo ndani ya joto na T tuliyogawia zimefutana, kwa hiyo jawabu la hatua hii halijali tumeibania hewa kwenye halijoto gani.

Hatua ya pili: tunafunga pistoni isisogee, ujazo ukae kwenye lita 1.5, na kuipasha hewa moto kutoka kelvini 300 hadi 850. Pistoni haisogei, kwa hiyo hakuna kazi, na joto lote linaloingia linakaa kwenye nishati ya ndani: Cv mara kelvini 550, yaani jouli 11,430 hivi. Hapa hatuwezi kugawa mara moja, kwa kuwa halijoto inabadilika tunapoendelea. Nyuzi ya kwanza, tukiwa kwenye 300, inaingiza entropia ya jouli 0.069 kwa kelvini. Nyuzi ya mwisho, tukiwa karibu na 850, inahitaji joto lilelile lakini inaingiza 0.024 tu, maana joto linaloingia mahali palipokwisha kupata moto hugawanywa kwa namba kubwa zaidi. Vipande vyote vikijumlishwa vinatoa Cv mara logi asilia ya 850 juu ya 300, na jawabu ni jouli 21.65 kwa kelvini, zamu hii za kuongeza.

Tukijumlisha hatua mbili tunapata kanuni nzima:

ΔS = n Cv ln(T₂/T₁) + n R ln(V₂/V₁)

Kwa hewa yetu ni 21.65 kutoa 23.05, yaani hasi 1.40. Entropia ya hewa imepungua kidogo. Sasa tujaribu kuivunja hoja kwa kupindua mpangilio: tuipashe hewa moto kwanza ikiwa bado kwenye lita 24, kisha tuibane ikiwa kwenye kelvini 850. Kuipasha moto kunahitaji zile zile jouli 11,430. Lakini kuibana kwenye 850 kunatoa joto la jouli 19,590 hivi, karibu mara tatu ya lile la mbano wa kwenye 300. Katika mpangilio wa kwanza, hewa kwa jumla iliingiziwa joto la jouli 4,500 na ushei. Katika huu wa pili imepoteza jouli 8,160. Joto la njia hizi mbili halifanani hata kwa alama, moja likiingia na lingine likitoka. Lakini jouli 19,590 zikigawanywa kwa 850 zinatoa 23.05 ileile, na jumla inabaki hasi 1.40. Joto ni habari ya njia; ukiligawa kwa halijoto linayovukia, habari ya njia inafutika na kinachobaki ni habari ya hali.

Msikilizaji makini atapinga kwanza hivi: umetumia Cv, uwezo wa joto pasipo kubadili ujazo, katika mchakato ambamo ujazo umebadilika mara 16. Ni haki hiyo? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake limo katika majaribio. Mwaka 1845 James Joule alichukua vyombo viwili vya shaba, kimoja kikiwa na hewa yenye presha ya angahewa 22 hivi na kingine kitupu, akavizamisha ndani ya maji na kufungua bomba kati yao. Hewa ilitanuka ikajaza vyombo vyote viwili, lakini halijoto ya maji haikuonyesha badiliko. Hewa haikusukuma chochote cha nje na haikutoa wala kupokea joto, kwa hiyo nishati yake ya ndani ilibaki ilivyokuwa ingawa ujazo ulikuwa umeongezeka. Majaribio makini zaidi aliyoyafanya baadaye pamoja na William Thomson yalionyesha kwamba gesi halisi zina badiliko dogo, lakini kwa gesi kamilifu kauli ni kamili: nishati ya ndani inategemea halijoto tu. Ndiyo maana Cv inabaki kuwa kipimo cha jinsi nishati inavyopanda kwa kila kelvini, pistoni isogee isisogee. Na kwa kuwa presha ikigawanywa kwa halijoto ni nR/V, yenye ujazo peke yake ndani yake, sehemu ya halijoto na sehemu ya ujazo zinatengana bila kubakiza kipande cha katikati. Kutengana huko ndiko kunakotuwezesha kuzihesabu mojamoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mchakato halisi haurejesheki, na umeuondoa kwenye hesabu ukaweka wa kubuni, utajuaje kwamba jawabu ni la kile kilichotokea? Jaribio lilelile la Joule linatosha kujibu. Tuseme vyombo vyake vilikuwa sawa, ujazo ukaongezeka mara mbili. Joto halisi lililopita ni sifuri. Anayegawa sifuri kwa halijoto atasema entropia haikubadilika, na atakuwa amekosea, maana gesi hiyo hairudi yenyewe kwenye chombo kimoja. Kanuni yetu inasema halijoto haikubadilika, kwa hiyo sehemu ya kwanza ni sifuri, na sehemu ya pili ni R ln 2: entropia imepanda kwa jouli 5.76 kwa kelvini kwa kila moli. Hatua ya kubuni haidai kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inadai tu kwamba inaanzia na kuishia mahali palepale. Sharti ni kwamba ncha zote mbili ziwe hali tulivu, zenye halijoto moja na presha moja kila mahali. Katikati ya mlipuko wa mafuta, sehemu moja ikiwaka na nyingine bado haijashika moto, hakuna T₂ moja ya kuandika, na kanuni haina cha kushika.

Sasa turudi kwenye ile hasi 1.40. Wapo watakaoshtuka: kanuni ya pili ya themodinamiki si inasema entropia haipungui? Inasema hivyo kwa kitu pamoja na mazingira yake yote, wala si kwa hewa peke yake. Hewa isingepeana joto na chochote, na mbano ungekuwa laini kabisa, sehemu mbili za kanuni zingefutana. Hilo linatokea halijoto ya mwisho ikiwa 300 mara 16 kwa kipeo cha 0.4, yaani kelvini 909. Bila joto kutoka, mbano wenye msuguano na mikondo ungeishia juu ya 909. Kuishia chini yake, kwenye 850, hakuwezekani mpaka joto litoke. Hivyo basi namba hasi inatuambia kwamba kuta zimepokea joto, na inatuambia hata kiasi cha chini kabisa. Kama kuta zina kelvini 400, ili entropia yao ipande kwa angalau 1.40, lazima zimepokea si chini ya jouli 560. Hatukuichungulia silinda wakati wa mbano. Ncha mbili za safari zimetosha kutupa kauli hiyo.

Hesabu yenye kauli nzito namna hii inahitaji kukaguliwa, na ukaguzi mzuri ni kupita njia nyingine ya hatua mbili. Badala ya ujazo, tumia presha: pasha moto kwa presha isiyobadilika, kisha bana kwa halijoto isiyobadilika. Sehemu ya kwanza inakuwa Cp ln(T₂/T₁), ambamo Cp ni Cv kuongeza R, na ya pili inakuwa kutoa R ln(P₂/P₁). Presha ya hewa yetu imepanda mara 45.3, na jawabu ni 30.31 kutoa 31.71, hasi 1.40 tena. Mtu akichanganya, akaweka Cp pamoja na uwiano wa ujazo, atapata chanya 7 na ushei, na ukaguzi huu utamkamata. Kosa lingine la kawaida ni kutumia nyuzi za Selsiasi: 577 juu ya 27 inatoa uwiano wa zaidi ya 21, na hatua ya pili inavimba kutoka 21.65 hadi 63 na zaidi. Uwiano wa halijoto una maana pale tu unapohesabiwa kutoka sifuri halisi.

Ukaguzi huo hauwezi kukamata kosa lililomo ndani ya Cv yenyewe, na hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Uwezo wa hewa kubeba joto hauko palepale. Karibu na kelvini 300, molekuli za oksijeni na nitrojeni husafiri na kuzunguka; halijoto ikipanda zinaanza pia kutikisika ndani yake, na mtikisiko huo unameza sehemu ya nishati bila kupandisha halijoto kwa kiwango cha awali. Kwenye kelvini 900, Cv ya hewa imefika jouli 24 hivi badala ya 20.8. Hatua ya kwanza haiguswi na jambo hili, kwa kuwa haina Cv. Hatua ya pili ndiyo inayobadilika: vipande vyake lazima vijumlishwe kwa Cv ya kila halijoto, na hivyo ndivyo majedwali ya hewa wanayoyatumia wahandisi yanavyotengenezwa. Kwa majedwali hayo, mbano laini usiopoteza joto kutoka kelvini 300 kwa uwiano wa 16 unaishia karibu na 862, wala si 909. Sasa fikirieni hewa iliyoishia kwenye 880. Kanuni yenye Cv isiyobadilika inatoa hasi 0.68, na mhandisi atakwenda kutafuta joto lililotoka. Majedwali yanatoa chanya 0.5 hivi: entropia imepanda, na joto si lazima liwe limetoka. Alama yenyewe imegeuka. Kwa 850 yetu alama inabaki hasi, lakini inasogea kutoka hasi 1.40 hadi karibu hasi 0.35, na ile kauli ya jouli 560 inashuka hadi 140 hivi. Sehemu mbili za kanuni zinapokaribia kufutana, kosa la asilimia chache katika moja linaweza kuwa kubwa kuliko jawabu lote.

Liko na sharti la mwisho, ambalo fundi wa injini analifahamu kuliko mwanafunzi wa darasani. Herufi n katika kanuni ni ileile mwanzo na mwisho. Hewa iliyoingia ndiyo iliyobanwa. Katika maabara za injini kinachopimwa kwa urahisi ni presha na mahali ilipo pistoni, kisha halijoto inakokotolewa kwa PV = nRT. Ringi zikiwa zimelika na asilimia 5 ya hewa ikapenya kuelekea chini ya pistoni, presha inashuka, na anayekokotoa kwa n ya zamani ataipunja halijoto kwa asilimia 5 hizohizo: hewa iliyo kwenye 862 ataiandika kuwa 819, na entropia itaonekana imepungua hata kama kuta hazikupokea joto la kuifanya ipungue hivyo. Basi namba hasi ikitokea, yapo maelezo matatu ya kuyapima kwa zamu: Cv imechukuliwa kuwa haibadiliki, hewa imevuja, au joto limetoka kweli. La kwanza linaamuliwa kwa majedwali, la pili kwa kupima mbano wa silinda yenyewe. Maelezo hayo mawili yakishaondolewa, namba iliyobaki ndiyo inayosema juu ya joto lililopita kwenye kuta, na inasema kwa usahihi uleule wa vipimo vya ncha mbili, bila kuhitaji habari ya kilichotokea kati yake.